Wiki ya giza mimi na Mama Kulwa tulifichiana vikaratasi. Kimoja hakijaonekana hadi leo

Fundi_Barafu (mwanzisha uzi), Jumanne saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu mzima, nakaa Igombe, huku ziwani. Mama Kulwa nilimuoa mwaka 1993, tuna watoto watano na mjukuu mmoja tunaishi naye, yuko darasa la pili. Naleta jambo hili hapa kwa sababu nikilipeleka kijiweni watanicheka mpaka pasaka.

Mke wangu ni mtu wa dagaa. Wavuvi wakiwa giza, yaani usiku mwezi haupo, yeye saa 10 alfajiri yuko mwaloni na ndoo zake kusubiri mitumbwi, asubuhi anaanika, mchana kutwa anageuza na kufukuza kunguru, jioni anaanua. Mimi ni fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha samaki huko mjini. Wiki ile nilikuwa shifti ya usiku siku saba mfululizo. Naondoka nyumbani saa 10 na nusu jioni yeye bado anaanua. Narudi saa 3 asubuhi yeye yuko juani. Wiki nzima tunalala kitanda kimoja kwa zamu.

Ilianza bila mpango. Jumapili nilikuta karatasi kwenye kopo la chumvi: "Imeisha. Na wewe usilale na soksi." Nikacheka peke yangu. Jioni kabla ya kutoka nikamwandikia, nikamwekea ndani ya sendo yake: "Soksi nimevua. Chumvi iko juu ya kabati." Jumatatu nikakuta jibu limekunjwa ndani ya kasha la miwani yangu. Hapo tukawa tumeelewana bila kuambizana: kila mmoja kimoja kwa siku, na kifichwe, siyo kuweka mezani.

Kwa siku saba tunapaswa kuwa na vikaratasi 14. Tumehesabu jana, viko 13. Kinachokosekana ni cha kwake, cha siku ya tano. Anasema alikiweka. Hataki kusema wapi, wala hataki kusema kiliandikwa nini. Nimepekua nyumba nzima. Naomba mawazo.

Jembe_la_Kisesa, saa 2:24 usiku

Shikamoo mzee. Samahani lakini hii mbona iko wazi. Mke anaandika karatasi, anaificha, halafu hataki kusema kilichoandikwa? Mimi ningeanza kuangalia simu yake. Usije ukawa unatafuta karatasi iliyoandikwa kwa mtu mwingine.

Fundi_Barafu, saa 2:31 usiku

Marahaba kijana. Simu yake ni ya tochi na inakaa kwenye ndoo ya dagaa. Ukitaka kuipekua karibu, njoo na sabuni.

Mkerewe_Mpole, saa 2:40 usiku

Mzee kwanza nikurekebishe kidogo, wiki ya giza ni siku saba tu na huwa haziangukii Jumapili hadi Jumamosi. Pili, kwa nini msitumiane sauti kwa wasapu? Mimi na mke wangu yeye akiwa Nansio mimi Mwanza mjini tunatumiana sauti, unasikia hata mtoto akilia nyuma.

Fundi_Barafu, saa 2:52 usiku

Ndugu yangu, giza siyo siku saba. Wavuvi wa dagaa wanavuta usiku kama 20 hivi kwa mwezi, wanapumzika mbalamwezi ikiwa kubwa kwa sababu taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi, dagaa hawakusanyiki. Saba zilikuwa za shifti yangu, zikaangukia ndani ya giza. Ya sauti uko sahihi nusu. Nimeshakwambia simu yake inakaa wapi. Na sauti angeisikiliza mwaloni katikati ya akina mama 40. Karatasi unaifungua ukiwa peke yako.

Mwl_Mstaafu_Nyegezi, saa 3:15 usiku

Mzee mwenzangu, umeruka jambo. Unatuambia idadi na unatuambia kimepotea, hujatuambia vilivyopatikana vilisema nini. Kikaratasi cha siku ya tano kilikuwa jibu la kitu. Cha siku ya nne uliandika nini wewe?

Fundi_Barafu, saa 4:05 usiku

Mwalimu umenikamata. Nilitaka kupita kwa kasi hapo. Basi niseme, maana humu hakuna anayenijua.

Siku ya pili ilikuwa vichekesho. Nilipika uji, nikauacha jikoni kwenye sufuria na mkaa mdogo chini, nikaandika kwenye risiti ya duka, ile ndefu laini, mahali peupe chini ya namba: "Uji una ndimu, usiongeze sukari." Nikaibana kati ya sufuria na ile sahani ya bati ninayotegeshea juu ya jiko, nikijua akiinua sufuria ataiona. Jioni shemeji yangu, dada yake Mama Kulwa, alikuwa amekuja kumsalimia. Ndiye aliyeinua sufuria. Akakuta kipande cha karatasi cheusi tii kama mkaa, kimekunjwa vizuri, hakijaungua. Mwanamke akapiga ukunga. "Dada, mmetegewa!" Majirani wakaja. Mchungaji akapigiwa simu. Mimi niko kiwandani nafungua valvu sina habari. Mpaka leo sijui kwa nini ilikuwa nyeusi, na shemeji hajarudi kunywa uji kwangu.

Siku ya tatu ndiyo ilibadilisha mambo. Asubuhi nimerudi, nakwenda kupiga mswaki kabla ya kulala, nikakuta karatasi imezungushiwa mpini wa mswaki na uzi wa nyavu. Ilikuwa imejaa maandishi pande zote mbili. Naweka maneno yake hapa, kaniruhusu:

"Baba Kulwa, mwaka wa Elinino dagaa wetu walipooza wote juu ya mawe, ulikuja ukawaangalia ukasema, watarudi wengine. Hukuniuliza hela ya mtaji, na ilikuwa hela yako ya kuuza ng'ombe. Sijawahi kukwambia kwamba siku ile nilikuwa nimefunga mzigo niende kwetu Magu. Niliona haya kukutazama. Nilipokusikia unasema vile nikafungua mzigo."

Vijana hamkumbuki. Mvua zile za mwishoni mwa 1997 mpaka 1998 hazikukatika. Dagaa mbichi akikosa jua siku ya kwanza anaanza kulainika tumbo, siku ya pili anatoa harufu, ya tatu unamwaga au unampa mtu wa chakula cha kuku kwa bei ya kuona huruma. Sisi tulimwaga. Ndoo 30.

Nilikaa kwenye ndoo ya kuogea na mswaki mdomoni mpaka dawa ikakauka. Siku ile sikulala. Na siku ya nne nikamwandikia mstari mmoja, nikauweka chini ya ndoo yake ya juu, zile anazozipandanisha, ili aukute akizitenganisha mwaloni:

"Niliuona mzigo. Ulikuwa nyuma ya mlango, kanga ya njano."

Bi_Stationari, saa 4:18 usiku

Mzee pole, lakini nimecheka hapo kwa shemeji hadi mteja kaniuliza. Mimi nauza karatasi, nikujibu hiyo. Zile risiti za mashine hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa, na joto la mashine ndilo linaifanya iwe nyeusi palipo na herufi. Ukiiweka juu ya kitu cha moto inakuwa nyeusi yote. Jaribu uone, kwaruza kwa ukucha haraka upande wa mbele, utaona mstari. Ungeandika nyuma ingekuwa na nafuu, upande ule hauna dawa. Mwambie shemeji arudi.

Jembe_la_Kisesa, saa 4:22 usiku

Kwa hiyo hakuna uchawi?

Bi_Stationari, saa 4:23 usiku

Kuna risiti.

Mwl_Mstaafu_Nyegezi, saa 4:50 usiku

Sasa tumefika. Umemwambia mwanamke kwamba kwa miaka karibu 28 siri aliyoibeba haikuwa siri kwako. Umempa maneno tisa tu halafu ukaenda kazini. Halafu siku ya tano hukukuta kitu. Ulifikiri nini siku hiyo?

Fundi_Barafu, saa 5:02 usiku

Nilifikiri kakasirika. Nilipekua sendo, kopo la chumvi, miwani, mfuko wa koti la kazi, chini ya mto. Hakuna. Siku ya sita nikaandika kitu kidogo cha kijinga kuhusu paka. Na yeye siku ya sita akaandika kuhusu paka. Ya saba aliandika tu "Kesho unalala usiku kama watu." Lile jambo likapita hivyo hivyo. Ni jana tu tulipokuwa tunahesabu akasema, "Kwa hiyo kile cha Alhamisi hukukiona?" Uso wake ulibadilika, mwalimu. Ikawa kama vile naye siku zote hizi alikuwa anadhani mimi ndiye niliyenyamaza.

Mzee_wa_Musoma, saa 5:20 usiku

Hili la kwenu limenikumbusha la kwangu. Mke wangu hajui kusoma, hakupelekwa shule. Tulipokuwa vijana mimi nikiwa kwenye boti za mizigo, nilikuwa nikirudi usiku namkuta kalala naondoka kabla hajaamka. Nilikuwa naacha jiwe ndani ya kikombe chake. Jiwe jeupe maana yake nimekula nimeshiba. Jiwe jeusi maana yake hela ipo pale pake. Siku moja akaacha mawe mawili kwenye kikombe changu. Nilikuwa sijamfundisha mawe mawili. Nilizunguka nayo mfukoni safari nzima mpaka Bukoba na kurudi nikiyatafakari. Nilipofika akaniambia ana mimba. Siyo msaada kwa swali lako, nimesema tu.

Mkerewe_Mpole, saa 5:31 usiku

Mzee wa Musoma hiyo ungeanzishia uzi wake.

Kwa Fundi: mtoto. Mjukuu wa darasa la pili ndiyo kwanza wanajifunza kusoma, wanasoma kila kitu. Mimi nasema kakitoa kakakisoma kakakitupa.

Fundi_Barafu, saa 5:40 usiku

Tulimhoji kama polisi. Anakiri viwili: kimoja alikisoma kwa sauti mbele ya mwenye duka (kile cha chumvi, bahati), kingine alitengenezea mtumbwi akaurudisha. Cha Alhamisi hakijui. Ila kalamu Mama Kulwa aliipata kwake, kalamu ya shule ile ya jeli, ya bluu.

Mwl_Mstaafu_Nyegezi, saa 6:10 usiku

Naomba uniambie hivi. Vilivyopatikana vya kwake vilikuwa wapi? Kopo la chumvi, miwani, mswaki. Vingine?

Fundi_Barafu, saa 6:16 usiku

Ndani ya kofia ya kazi. Kwenye mfuko wa unga wa muhogo, kile cha paka, nusura nikisonge. Na ndani ya kiatu cha kushoto.

Mwl_Mstaafu_Nyegezi, saa 6:30 usiku

Umeona? Hafichi ili kitu kifichike. Anakuwekea mahali ambapo anajua mkono wako utafika, na karibu anajua saa. Mswaki saa 3 asubuhi. Kofia jioni. Sasa kile cha Alhamisi kilikuwa kizito, asingekiweka kwenye unga. Angechagua mahali ambapo utakuwa umetulia, umekaa. Hakukosea njia yako, bali wewe umebadili njia naye hajui. Usitafute unapogusa leo. Kaa chini uandike vitu ulivyokuwa unavishika miaka yote na siku hizi huvishiki. Sigara uliacha? Baiskeli uliuza? Biblia unasomea kwenye simu?

Jembe_la_Kisesa, saa 6:34 usiku

Mwalimu huyu angekuwa mpelelezi.

Fundi_Barafu, Jumatano saa 1:05 asubuhi

Wakuu. Kimepatikana. Nilisoma ile posti ya mwalimu usiku, nikalala, saa 11 alfajiri nikashtuka usingizini kama mtu aliyeitwa.

Redio.

Nina redio ya betri kubwa nne, ya tangu zamani, inakaa dirishani. Miaka yote nikirudi shifti ya usiku nilikuwa nakaa kwenye kiti cha kamba, nafungua mfuniko wa nyuma, nazigeuza betri au nazianika kidogo juani ili zivute siku mbili tatu, halafu nasikiliza Redio Free Africa mpaka usingizi unichukue. Hiyo ilikuwa ibada yangu. Lakini tangu mwanangu aninunulie simu hii nasikilizia kwenye daladala kwa vibomba vya masikioni, nikifika nalala moja kwa moja. Redio sijaigusa tangu mwaka jana. Mama Kulwa hajui, kwa sababu saa ile yeye huwa juani na dagaa. Kwake mimi bado ni yule mtu wa kugeuza betri.

Nimefungua mfuniko. Karatasi ipo, imekunjwa mara nne, katikati ya betri. Na betri zimevuja. Alikiweka alfajiri, umeme hakuna, hakuona. Karatasi imeloa, imekuwa laini kama andazi kwenye chai, na ile bluu imesambaa yote. Nimeifungua kwa ncha ya kisu. Mstari wa kwanza tu ndio unaosomeka:

"Baba Kulwa, kama uliuona, basi kwa nini"

Baada ya hapo ni wingu. Mistari mingine kama minne hivi, haisomeki hata herufi.

Bi_Stationari, saa 1:30 asubuhi

Jamani. Wino wa jeli ni wa maji, ukikutana na majimaji hauna mjadala. Kalamu ya kawaida, ile ya wino mzito wa mafuta, ingevumilia. Penseli ingebaki kabisa, ile haina wino wa kuyeyuka, tatizo lake ni kufutika ukiisugua. Usiianike juani sasa hivi, itashikana. Ilaze kati ya vitambaa viwili vikavu, na unawe mikono, yale maji ya betri yanawasha. Lakini nisikudanganye, maneno hayo hayarudi.

Mkerewe_Mpole, saa 1:44 asubuhi

Si amuulize tu mkewe? Yupo hapo hapo, sasa mbalamwezi, haendi mwaloni.

Fundi_Barafu, saa 3:20 asubuhi

Nimemuuliza. Nilimpelekea karatasi yenyewe juu ya kitambaa, alikuwa anachambua michembe uani. Akaitazama muda. Halafu akaitazama ile redio. Akasema, "Huisikilizi tena?" Nikamwambia sijaisikiliza tangu mwaka jana. Kimya. Kilimuuma hicho kuliko karatasi, nilimuona. Nikamwambia, rudia basi ulichoandika. Akasema, "Nimeandika mara moja." Akaendelea na michembe.

Jembe_la_Kisesa, saa 3:26 asubuhi

Sasa mzee, utajibuje swali usilolijua?

Mwl_Mstaafu_Nyegezi, saa 3:50 asubuhi

Kijana, swali linajulikana. "Kama uliuona, basi kwa nini hukunizuia." Mwanamke gani angeuliza kingine?

Bi_Stationari, saa 3:58 asubuhi

Mwalimu samahani, hapo sikubaliani. Mimi ningeandika, "kwa nini hukuniambia miaka yote hii ukaniacha nibebe peke yangu." Hilo la kuzuia ni la siku ile. Hili ni la miaka 28.

Mzee_wa_Musoma, saa 4:15 asubuhi

Au, kwa nini unaniambia sasa.

Fundi_Barafu, saa 2:40 usiku

Nimesoma zote. Nilikuwa na mchana kutwa wa kuwaza. Mnajua mmenipa maswali matatu, na kila moja nina jibu lake, na majibu hayafanani.

Siku ile nilipouona mzigo nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe lile kubwa nyuma ya nyumba. Nilijiambia nikiingia nikamkuta bado yupo, nitasema jambo la dagaa tu, la mzigo sitalisema. Nikiingia nikakuta kaenda, nitamfuata Magu na ng'ombe mwingine. Niliogopa kwamba nikiutaja mzigo utakuwa kitu cha kweli. Ndiyo nikaingia nikasema watarudi wengine. Nilikuwa sizungumzii dagaa.

Hayo nimeyaandika jioni hii, mbele na nyuma, kwa penseli ya mjukuu, bila kujua kama ndilo aliloliuliza. Nimeifuta redio kutu kwa ndimu na kitambaa, nimetia betri mpya, nimeirudisha dirishani, na karatasi iko nyuma ya mfuniko. Nimeiwasha. Sasa hivi inaimba. Yeye yuko jikoni, na anajua kabisa kwamba betri zikianza kuchoka kuna mtu lazima aufungue ule mfuniko.

Giza linarudi wiki ijayo. Nimenunua penseli mbili.